Orodha ya Kutambua Hoja za Uzembe kwa Maswali ya Mkasa: Kikundi cha Masomo, Kigoma

Mhadhara wa Jumamosi ulifuata historia ya kesi, lakini mtihani huleta mkasa. Kwa sababu hiyo tumeugeuza mhadhara kuwa maswali ambayo kila mkasa unapaswa kuulizwa, tukitumia mfano huu: dereva wa lori la dagaa kutoka Kibirizi ameegesha kwenye mteremko wa Mwanga penye watu wengi bila kuweka gogo chini ya tairi, na lori limeserereka na kumvunja nyonga mama muuza maembe mwenye mifupa iliyokwisha dhoofika kwa maradhi.

Nani anamdai nani? Andika kila jozi pembeni, pamoja na mwajiri wa dereva, kisha tazama tarehe, kwani ukomo wa madai ya aina hii ni miaka 3.

Je, kulikuwa na wajibu wa uangalifu? Kwa dereva na watu wa barabarani, sentensi mbili zinatosha. Wengi wetu humaliza ukurasa mzima kwa Donoghue dhidi ya Stevenson (1932) mahali ambapo hakuna anayebisha, ilhali hoja hiyo, pamoja na Caparo dhidi ya Dickman (1990), ina kazi zaidi pale mkasa unapohusu hasara ya fedha tupu, mshtuko wa akili au mtu aliyekaa bila kutenda. Kumbuka kwamba hukumu za Uingereza za baada ya tarehe 22 Julai 1920 huishawishi mahakama yetu bila kuifunga.

Je, wajibu ulivunjwa? Hapa ndipo alama zilipo. Pigia mstari kila neno linaloonekana kuwa la ziada: “mteremko” linaonyesha uwezekano wa ajali, “watu wengi” uzito wa madhara, na “gogo” wepesi wa tahadhari. Linganisha na Bolton dhidi ya Stone (1951), ambapo hatari ilikuwa ndogo mno, na Paris dhidi ya Baraza la Stepney (1951), ambapo mfanyakazi alikuwa na jicho moja zima. Swali likinyamaza kuhusu kwa nini lori liliserereka, jadili kama tukio lenyewe linathibitisha uzembe.

Je, madhara yangetokea hata bila kosa hilo? Katika Barnett (1969) daktari hakumpima mgonjwa aliyekunywa chai yenye sumu, lakini mgonjwa angekufa vilevile, kwa hiyo dai lilishindwa. Hospitali ikiingia katika mkasa, uliza tena swali hili kwa kosa la hospitali peke yake.

Je, madhara ya aina hiyo yalitarajiwa? Yakitarajiwa, udhaifu wa mifupa haumwokoi dereva; Smith dhidi ya Leech Brain (1962) inatosha.

Kuhusu utetezi, meza ya maembe ikiwa imeingia barabarani, jadili mchango wa mama huyo chini ya Sura ya 310 ya Sheria za Tanzania, ambao hupunguza fidia bila kulifuta dai.