Baada ni lini

Mimi niko na kibanda cha Mpesa hapo Manyatta, Kisumu, ukitoka Kondele unaingia ndani kidogo, na mlango wa pili ndio Akinyi aliweka cherehani zake mbili na ovaloki ya mtumba. Ukuta wetu ni mabati tu, so chenye kikisemwa huko nakisikia. Hii stori naijua tangu mwanzo kwa sababu pesa yake yote ilikuwa inapitia kwangu, na wakati haikupitia pia nilijua.

Oda ilikuja Novemba. Shule moja ya kibinafsi, njia ya kuenda Mamboleo, walitaka yunifomu za watoto 140 kabla Januari. Mashati 140 kwa 650, sketi 70 kwa 800, suruali 70 kwa 850. Alipiga hesabu kwa kalkuleta ya simu mara tatu akanionyesha, 206,500. Msichana wa miaka 24, oda yake kubwa kabla hapo ilikuwa nguo za kwaya ya kanisa. Alishika ile simu na mikono miwili akaniambia, "Mama Fidel, na hii wakilipa nanunua mashine ya vifungo."

Walimpatia 20,000 ya kuanzia. Hiyo haiwezi kununua hata robo ya kitambaa, lakini direkta alimwambia "fundi wangu, wewe anza, sisi hatuendi mahali" na akaanza. Akaenda Kibuye kwa mama mmoja wa vitambaa alikuwa anamjua tangu akiwa mdogo, maana mamake Akinyi naye alikuwa fundi huko sokoni, akapewa kitambaa cha 96,000. Akalipa ile 20,000, 76,000 ikabaki deni, ya kumaliza mwisho wa Januari. Hawakuandikiana kitu. Jina la mamake lilitosha.

Disemba yote hakulala vizuri. Alichukua wasaidizi wawili, Tabu na kijana anaitwa Brayo mwenye mkono mzuri wa kola, anawalipa kwa piisi, 80 shati, 120 sketi ama suruali. Stima ikipotea wanahamia kwa ile mashine ya miguu, mmoja anashona, mwingine anamulika na tochi ya simu, na mimi nimefunga kibanda niko njiani naenda nyumbani bado naskia pedali inaenda. Krismasi alikula kwangu, saa kumi akarudi kwa mashine.

Jumamosi kabla shule ifunguliwe akapeleka mzigo na tuktuk mbili. Walipokea, mlinzi akasaini kwa daftari ya geti. Akatoa invoisi ameandika kwa mkono, safi kabisa, kila kitu na bei yake, na chini kabisa akaandika, "Malipo baada ya kupokea mzigo."

Sasa hapo ndio shida ilikuwa, lakini sisi wote tuliisoma tukaona iko sawa.

Januari ikaisha. Akipiga simu anaambiwa wazazi hawajalipa karo. Februari anaambiwa direkta amesafiri. Siku nyingine simu inaita tu. Brayo na Tabu alikuwa amewalipa nusu, na Brayo alikuwa na mtoto mdogo, so kila Jumatatu anakuja anasimama kwa mlango hasemi kitu, na kwa Akinyi huyo wa kunyamaza alikuwa mbaya kuliko mwenye kupiga kelele. Rent ya Februari alilipa na Fuliza. Ya Machi, Fuliza ikakataa. Nilimkopesha 3,000, siyo kwa sababu nilikuwa nayo ya ziada, ni vile nilisikia kwa mabati akilia halafu akiwasha mashine ili asisikike.

Mama wa vitambaa alimkujia Machi. Hakumtukana. Alikaa kwa stuli akasema, "Mtoto wangu, mimi pia nadaiwa." Akaenda.

Kuna mtu alimwambia aende ile korti ya madai madogo, yenye inaskiza kesi zisizozidi milioni moja na sheria imesema iamuliwe ndani ya siku 60. Alifikiria sana. Lakini ndani yake alijua karatasi yenye ako nayo ni ile ya mkono, na sahihi ni ya mlinzi kwa daftari ambayo hana hata picha yake. Na bado alitaka ile kazi, wacha tuseme ukweli. Shule yenye watoto 140 wanakua kila mwaka ni kazi ya miaka mingi.

So Aprili mwanzo akaamka akavaa rinda lake la kanisa akaenda huko mwenyewe bila kupiga simu. Alikaa kwa benchi kutoka saa mbili asubuhi. Direkta akapita mara mbili, "ooh fundi, nakuja." Saa saba karani wa akaunti, kijana wa miaka kama yake, akatoka kuenda kula akampata bado ako hapo. Akarudi ndani, akamwita.

Alichomwambia Akinyi alinirudilia jioni hiyo neno kwa neno, na mimi nimelibeba mpaka leo.

Alitoa boksi faili akafungua. "Dada, ona. Huyu wa maziwa ameandika siku 7. Huyu wa vitabu ameandika siku 30, na tarehe yenyewe ameweka. Mimi Ijumaa naangalia zenye tarehe imefika, napeleka kwa direkta asaini. Yako iko hapa chini tangu Januari. Inasema baada ya kupokea. Tulipokea, ni kweli. Lakini baada ni lini? Hata mwaka ujao ni baada."

Akinyi akanyamaza.

"Na tena," kijana akasema, "mwalimu mmoja alileta mashati tisa, kola imepinda, akasema zirudishwe. Hakuna mtu alikuambia?"

Hakuna mtu alikuwa amemwambia. Mashati tisa yalikuwa kwa mfuko wa karatasi chini ya meza miezi mitatu, na kwa sababu ya hayo tisa invoisi yote ilikuwa imewekwa alama ya swali na kalamu nyekundu. Shati tisa ni 5,850. Zilikuwa zimeshika 186,500.

Aliyabeba nyumbani. Aliyamwaga kwa meza na nilienda kuangalia, ni ukweli kola zilikuwa mbaya, ni zile za usiku wa tochi. Alizifumua zote usiku huo huo. Alafu akakaa chini na karatasi.

Ile invoisi akaigawa mbili. Ya kwanza 180,650, ya nguo zenye hakuna mtu amelalamikia, na akaandika tarehe mzigo ulipokelewa na jina la mlinzi aliyesaini, karani alikuwa amempigia picha ile peji ya daftari. Ya pili 5,850, mashati tisa yaliyorekebishwa, ya kulipwa yakirudishwa. Karani alimwonya asiweke faini kwa hii ya zamani kwa sababu hawakukubaliana hivyo mwanzo, na hapo nilimheshimu huyo kijana, maana Akinyi alikuwa na hasira ya kuandika hata riba ya tangu Krismasi.

Faini na hayo mengine akaweka kwa karatasi mpya. Unajua kwa nini alihitaji karatasi mpya? Kwa sababu direkta siku hiyo hiyo, wakati anatoka, alimsimamisha kwa geti akamwambia anataka trakisuti 90 za teremu ya pili. Kama hakuna kitu kimetokea.

Trakisuti 90 kwa 1,500, ni 135,000. Alichapisha kwa saiba hapo Kondele, na maneno tuliyatafuta pamoja, yeye anasema mimi naandika, tunafuta tunaanza tena, kwa sababu kila sentensi alikuwa anaogopa itamkasirisha direkta. Ilibaki hivi:

"Nusu, yaani 67,500, inalipwa kabla kitambaa kikatwe. Nusu iliyobaki inalipwa ndani ya siku 14 baada ya dilivari noti kusainiwa, na tarehe ya mwisho itaandikwa kwa invoisi. Nguo yenye kasoro iletwe ndani ya siku 7, inarekebishwa bure, na malipo ya zingine hayangojei hiyo. Tarehe ikipita, kunaongezwa asilimia 2 kila mwezi kwa kilichobaki. Oda mpya inaanza deni la zamani likiisha."

Na chini mahali pa sahihi mbili, yake na ya shule. Alisema lazima wasaini kabla ya kazi, siyo baada.

Direkta alipiga simu jioni. Niliskia upande mmoja tu.

"Ndiyo direkta... Hapana, sijakasirika... Siyo kwamba sikuamini. Niko na watu wananidai, na wewe ndio mkubwa wao wote... Hapana, kitambaa sijakata... Hata moja sijakata."

Kukawa kimya kirefu. Nilikuwa na mteja anataka kutoa mia tano nikamwambia angoja.

"Sawa," Akinyi akasema. "Nitangoja."

Siku nne. Brayo alikuja siku ya tatu akamuuliza kama amepoteza kazi, akamjibu, "Labda." Hakuongeza neno. Mimi nilikuwa naogopa kumshinda, nikimwambia aanze tu hata na thelathini, ashone kidogo kidogo. Alinikatalia na heshima.

Ijumaa saa tisa meseji ya benki ikaingia, 180,650. Dakika kumi na kitu baadaye, 67,500. Karatasi iliyosainiwa ikaletwa na yule karani mwenyewe, na bodaboda, na mashati tisa akabeba akirudi. Hiyo 5,850 ililipwa wiki iliyofuata.

Alilipa Brayo na Tabu kwanza, wote wawili wakiwa wamesimama hapo kwangu. Akanirudishia 3,000 yangu na soda. Jioni tukaenda wote Kibuye kwa mama wa vitambaa na 76,000, nilimsindikiza kwa sababu ni pesa mingi kubeba na yeye alitaka kumpa mkononi, siyo kwa simu.

Mama alihesabu. Akashukuru Mungu kwa Kijaluo, kwa sauti. Alafu Akinyi akamwambia anahitaji kitambaa cha trakisuti, anaweza kulipa kingi leo na 15,000 ibaki.

Mama akavuta daftari kutoka chini ya meza, mpya, hata karatasi zake bado zilikuwa zimeshikana. Akafungua peji ya kwanza, akageuzia upande wa Akinyi, akaweka kalamu juu.

"Andika mwenyewe, mtoto wangu. Tarehe ngapi?"

Akinyi akaniangalia mimi, alafu akaangalia ile peji. Akaandika jina lake, akaandika 15,000, akahesabu siku na vidole, na akaandika tarehe.