Barua ya kuomba radhi kwa friza iliyofika Newala ikiwa imeharibika

Duka la Majokofu na Vyombo vya Umeme,
Karibu na Soko Kuu,
Mtwara.

17 Novemba 2025

Bi. Somoe Chikwaya,
Mfanyabiashara wa samaki na barafu,
Sokoni, Newala.

YAH: KUOMBA RADHI KWA FRIZA YA LITA 200 ILIYOKUFIKIA IKIWA IMEHARIBIKA

Shikamoo mama. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimepokea malalamiko yako ya tarehe 12 Novemba, pamoja na picha na video fupi ulizonitumia kwa simu, na Jumamosi nimezungumza kwa kirefu na mpwa wako aliyekuja dukani kwa niaba yako. Ninakuomba radhi kwa mambo mawili. La kwanza ni kukufikishia friza mbovu, ilhali ulilipa shilingi 780,000 taslimu kwa kitu kizima ambacho wewe mwenyewe ulikiona hapa dukani kikiwashwa na kugandisha. La pili ni majibu uliyopewa ulipopiga simu kueleza shida yako. Hili la pili limeniuma zaidi, lakini nitaanza na friza yenyewe kwa sababu kuna jambo la usalama ambalo ni vyema ulijue mapema.

Naomba friza hiyo isichomekwe tena kwenye umeme, hata kwa kujaribu tu. Gesi yake ni R600a, kama kibandiko cha nyuma, kile chenye alama ya moto ndani ya pembetatu, kinavyoonyesha, na gesi hiyo hushika moto. Iliyomo ni kidogo sana, na kwa dalili ulizoeleza huenda imekwisha kuvuja. Hata hivyo, naomba iwekwe mahali penye hewa, mbali na jiko la mkaa, mfuniko ukiwa wazi, na asiruhusiwe fundi yeyote kuigusa kwa moto wa kulehemu. Najua mafundi wazuri wapo Newala na kwamba mmoja amekwisha kukuahidi kuitengeneza kwa bei nafuu. Simshuku, lakini hakuna sababu ya wewe kutoa hata senti moja kwa kosa lililotokea mikononi mwetu.

Sasa nikueleze lilivyotokea. Mzigo wako ulipaswa kupanda gari letu dogo, kama tulivyokubaliana ulipotoa shilingi 30,000 za usafiri. Siku hiyo gari lilikuwa gereji, na msimamizi wangu wa stoo, kwa kuona kwamba msimu huu malori yanapanda kila siku kwenda kuchukua korosho na yanapita Nanyamba na Tandahimba yakiwa karibu matupu, akaipakia friza kwenye mojawapo bila kukuuliza na bila kuniuliza. Lori halikuwa tupu kama alivyodhani. Lilibeba marobota ya magunia mapya, na ili yapate nafasi, utingo aliilaza friza ubavuni, akapanga magunia juu yake, na ikasafiri hivyo zaidi ya kilomita 100. Dereva amekiri hayo mbele yangu. Nitamalizana naye mwenyewe, na wewe huhusiki na mazungumzo hayo hata kidogo, kwani lori hilo tulilichagua sisi.

Picha yako ya ubavu wa kulia ndiyo iliyonipa jibu. Friza za mfuniko wa juu za aina hii hazina wavu wa mabomba mgongoni kama majokofu ya zamani. Mabomba yanayotoa joto yamepitishwa ndani ya kuta zake, nyuma tu ya bati jembamba la nje, ndiyo maana ukiigusa friza nzima inapofanya kazi, ubavu wake huwa na uvuguvugu. Bati lako limebonyea upana wa kiganja, karibu na kona ya chini, na kwa maoni ya fundi wangu bomba lililo nyuma ya bonde hilo limebanwa au limepasuka. Hapo ndipo unaposikia mashine ikiunguruma kutwa nzima huku maji ndani hayapoi. Tena, friza ikilazwa, mafuta ya kompresa hutiririka na kuingia kwenye mabomba, na ikiwashwa mara baada ya kusimamishwa bila kuachwa itulie, kompresa nayo inaweza kuumia. Bawaba moja ya mfuniko pia imepinda, kwa hiyo ule mpira wa pembeni haushiki sawasawa. Nakutajia yote haya kwa urefu kwa sababu uliambiwa na duka langu kwamba huenda umeme wa kwenu ndio ulioiunguza. Sivyo. Umeme wa Newala haubonyezi bati.

Hapo nafika kwenye simu yako. Mpwa wako alinieleza, na kijana aliyeipokea hakukana, kwamba uliambiwa mambo matatu: kwanza habari hiyo ya umeme, kisha kwamba mpwa wako alikwisha kutia sahihi ya kupokea mzigo, na mwisho kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Mtoto wa watu alitia sahihi usiku, stendi, juu ya boksi lililofungwa, huku lori likimhimiza. Sahihi ile inathibitisha kwamba boksi limefika, haiwezi kuthibitisha kilichomo ndani. Na hayo maneno ya kutorudisha mali niliyachapisha mimi mwenyewe chini ya risiti zetu, kwa kuwafikiria wateja wanaonunua pasi leo na kuirudisha kesho kwa kuwa jirani amewaonyesha ya rangi nyingine. Sikuyaweka ili yamzuie mtu aliyeuziwa kitu kizima akapokea kibovu, wala hata ningetaka yasingeweza kufanya kazi hiyo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mnunuzi, na una haki ya kupeleka malalamiko yako Tume ya Ushindani wakati wowote, hata baada ya kuisoma barua hii, iwapo utaona sikukutendea inavyostahili. Kijana niliyemtaja ameomba akupigie kukuomba radhi kwa kinywa chake. Nimemwambia asubiri kwanza ruhusa yako, kwani sikuona vyema usumbuliwe kwa simu mara ya pili na sauti ileile.

Kuhusu marekebisho, uamuzi ni wako, mama. Ukipenda friza nyingine, iko tayari: ni ya lita zilezile 200, ya kampuni ileile, haijatolewa kwenye boksi ila siku tuliyoijaribu, na italetwa Alhamisi tarehe 20 Novemba kwa gari letu wenyewe, ikiwa imesimama na kufungwa kamba, fundi wangu akiwa amekaa nyuma pamoja nayo. Akifika hataondoka upesi. Ataiweka mahali utakapomwonyesha, ataiacha itulie kwa saa kadhaa, ataiwasha mbele yako, na atalala Newala ili asubuhi mfungue pamoja na muone kama maji yameganda. Ndipo utakapotia sahihi, si kabla, na dhamana ya mwaka mmoja itahesabiwa kuanzia siku hiyo badala ya siku ya manunuzi ya kwanza. Friza mbovu atarudi nayo mwenyewe. Huna haja ya kutafuta vibarua wa kuibeba.

Ukipendelea kurudishiwa fedha zako, utalipwa shilingi 780,000 zote bila makato, kwa simu au taslimu mkononi mwa mtu utakayemtaja, na utalipwa kwanza ndipo gari lije kuichukua friza. Sitaona ubaya wowote ukichagua hivi. Mtu aliyekwisha kupata hasara mahali ana haki ya kwenda kununua kwingine.

Lolote utakalochagua, kuna fedha ambazo hazisubiri uamuzi huo. Asubuhi ya leo nimekutumia shilingi 126,000 kwenye namba uliyolipia. Ndani yake mna shilingi 30,000 za usafiri, na shilingi 96,000 za zile ndoo mbili za vibua ulizoziweka ndani ya friza usiku wa kwanza na kuzikuta asubuhi zimeharibika. Stakabadhi za samaki sikuzidai, kwa kuwa mimi ni mtu wa pwani na najua hakuna mvuvi anayeandika risiti feri saa kumi na moja alfajiri. Nimechukua hesabu yako kama ulivyoitoa.

Limebaki jambo moja ambalo sikuweza kulimaliza peke yangu, nalo ni mauzo uliyoyakosa. Ulinunua friza sasa kwa makusudi, maana msimu wa korosho ndio wakati fedha zinapozunguka huko juu na joto nalo limeshika, na kila siku ambayo hukuwa na barafu wala maji baridi ni siku ambayo wateja wako walikwenda kwa jirani. Ningeweza kutaja kiasi chochote hapa kwa kukisia, lakini nikikisia kidogo nitakuwa nimekudhulumu tena, na biashara yako unaijua wewe. Naomba unitajie kiasi unachoona ni cha haki. Pengine sitaweza kukilipa chote kwa mkupuo mmoja, na ikiwa hivyo nitakwambia waziwazi na tutapanga awamu kwa maandishi, au tutakipunguza kwenye bei ya kitu kingine utakachohitaji, ukiridhia.

Kwa upande wa duka, tangu Ijumaa hakuna jokofu wala friza inayotoka kwenye stoo yetu kwa gari lisilo letu bila mwenye mali kupigiwa simu na kukubali, na kila boksi litafunguliwa na kukaguliwa mbele ya mpokeaji kabla ya kutia sahihi. Msimamizi wa stoo ameandikiwa barua ya onyo. Yale maneno ya chini ya risiti nimeyafuta kwa mkono kwenye vitabu vilivyobaki, na kitabu kitakachofuata kitachapishwa bila hayo.

Naomba jibu lako kabla ya Jumatano jioni ili gari lipangwe mapema, ama kwa kunipigia kwenye namba yangu iliyoandikwa nyuma ya risiti yako, ama kwa kumtuma mpwa wako, ambaye nauli yake ya kuja na kurudi ni juu yangu. Ukichelewa kwa sababu yoyote, friza haitauzwa kwa mtu mwingine. Nimekwisha kuibandika jina lako.

Ninarudia kukuomba radhi kwa hasara, kwa usumbufu, na kwa kauli ulizosikia kutoka kwetu.

Wako katika biashara,

Issa Namkoko
Mwenye duka

Nakala: Msimamizi wa stoo, Jalada la mauzo, Novemba 2025.