Barua ya mfasiri kwa mhariri: safu ya harambee ya wabunge

Dada Zuhura,

Salaam. Nimeyasoma masahihisho yako ya tafsiri ya safu ya Nairobi, ile ya Mei 2013 inayowaitishia wabunge wa Kenya harambee ya kejeli kwa ajili ya mshahara wao, tuliyoichagua kufungulia mfululizo wetu. Nakushukuru kwa tahajia na kwa zile sentensi ndefu ulizozikata mbili mbili. Hizo nimezipokea zote. Ila kuna masahihisho ya aina nyingine ambayo nakuomba uyarudishe kama yalivyokuwa, na nieleze kwa nini, maana nadhani tunagombania roho ya makala yenyewe.

Umeongeza "eti" sehemu sita. Maneno "waheshimiwa" na "masikitiko" umeyafunga ndani ya alama za kunukuu. Aya ya kwanza umeiwekea alama ya mshangao, na chini ya ukurasa umeandika kwamba mwandishi anatania. Naelewa nia yako: unaogopa msomaji wa Tandika au Mwanza atasoma neno kwa neno aamini kwamba gazeti letu linawalilia wabunge. Lakini mwandishi wa Nairobi hajakonyeza jicho hata mara moja. Anazungumza kwa uso mkavu tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na msomaji anacheka kwa sababu ameachiwa kazi ya kugundua mwenyewe. Kila "eti" tunayoongeza inamnyang'anya kazi hiyo.

Tuanze na ufunguzi. Kwa Kiingereza mwandishi anapunguza: anasema tu kwamba habari ya mshahara waliopangiwa wabunge inasikitisha kidogo. Waingereza wana desturi hiyo ya kulitaja jambo zito kana kwamba ni dogo, na wasomaji wa magazeti ya Kiingereza Nairobi wameizoea. Ningeandika "inasikitisha kidogo", Kiswahili kingebaki na maana hiyohiyo tu, mtu amesikitika kidogo, basi. Sisi tukitaka kumsuta mkubwa hatupunguzi. Tunazidisha adabu. Tunamvika sifa na heshima hadi vazi linampwaya na kila mtu analiona. Ndiyo maana nikaandika hivi:

"Kwa masikitiko makubwa, wakazi wa mtaa wetu wamepokea taarifa kwamba waheshimiwa wabunge watalazimika kuishi kwa shilingi 532,000 za Kenya kwa mwezi, fedha ambazo mama muuza sukuma wiki wa hapa kwetu hajawahi kuziona zikiwa pamoja. Familia, ndugu, jamaa na marafiki wa Bunge wanaombwa kuwa na subira katika kipindi hiki kigumu. Taarifa za michango zitatolewa baadaye."

Hiyo ni lugha ya tangazo la msiba, na kila msomaji wetu ameisikia redioni maisha yake yote. Nimeichagua kwa sababu nyingine pia. Watanzania wana utani wa makabila, na mtani ana ruhusa ya kusema msibani yale ambayo wengine hawathubutu: anaweza kumwigiza marehemu, kumtaja ubahili wake, hata kuzuia jeneza mpaka apewe chochote, na wafiwa wanacheka huku wanalia. Mzaramo na Mnyamwezi hawahitaji tanbihi kuelezwa kwamba mtani anatania. Msomaji aliyelelewa na desturi hiyo akikutana na rambirambi za mshahara wa mbunge atajua mara moja amesimama wapi. Ukiweka alama ya mshangao pale, ni sawa na mtani aliyeanza kucheka kabla hajamaliza kusema.

Sasa suala la fedha, na hapa nakuomba uwe makini kuliko popote. Umefuta maneno "za Kenya" na ile sentensi ya mama muuza sukuma wiki, kwa hoja kwamba haimo katika asili. Ni kweli haimo. Lakini fikiria: 2013 shilingi moja ya Kenya ilikuwa karibu 19 za kwetu. Mshahara uliopangwa na Tume ya Mishahara na Marupurupu ulikuwa karibu milioni 10 za Tanzania, na ule walioudai wabunge, 851,000, ulikuwa kama milioni 16. Msomaji wetu akiona "shilingi 532,000" pekee atafikiria shilingi yake mwenyewe. Atasema, masikini, mbunge analipwa hivyo? Na atakubaliana na rambirambi kwa moyo safi! Kinaya chote kitakuwa kimeanguka kwenye mstari wa kwanza, bila neno hata moja kutafsiriwa vibaya. Ningeweza kubadili tarakimu ziwe za Tanzania, lakini basi habari inahama Nairobi, na sitaki ihame. Huyo mama anampa msomaji kipimo bila kumpigia hesabu, naye tayari yumo katika safu, aya mbili mbele. Nimemtanguliza tu.

Kuhusu nguruwe. Mwezi ule wanaharakati walipeleka nguruwe na damu mbele ya Bunge la Kenya kupinga nyongeza, na wakabuni tusi kwa kuunganisha kifupi cha Kiingereza cha "wabunge" na jina la mnyama yule. Mwandishi analitumia tusi hilo mara nne. Kwa Kiswahili mchezo huo wa herufi haupo, na sikutaka kuulazimisha. Tena nguruwe kwetu, hasa kwa wasomaji wa Pwani na Visiwani, ni najisi kabla hajawa mlafi. Ukimwita mtu hivyo unamtukana dini na utu, na makala inaacha kuwa kejeli inakuwa matusi. Nguruwe nimewaacha pale walipo kama habari, kwa sababu walikuwepo kweli. Lakini kazi ya kuwakilisha ulafi nimempa mnyama ambaye tumempa sisi wenyewe tangu zamani:

"Waandamanaji wanadai kwamba fisi akiongezewa mshahara ataendelea kula nyama. Hoja hii haina msingi wa kitaalamu. Fisi amekabidhiwa bucha kwa miaka mingi sasa, na hakuna taarifa yoyote rasmi inayoonyesha kwamba aliwahi kupungukiwa na nyama kwa sababu ya mshahara mdogo. Tunashauri iundwe kamati ndogo, yenye posho, ichunguze jambo hili."

Pembeni umeandika kwamba fisi hayumo katika asili. Tusi limetokea mara nne kule na halikutokea hata mara moja kwetu. Deni hilo lilitakiwa kulipwa mahali, na nimelilipa katika aya ya nne. Vilevile nakuomba usibadili "kula" kuwa "kutumia vibaya" katika aya ya tano. Nairobi na Dar es Salaam wote wanajua mtu anakula nini akiwa ofisini. Ni neno dogo la nyumbani, na ndiyo sababu linauma.

Kuna sehemu moja ambapo kinaya cha msimulizi kinaisha na mtu mwingine anasema waziwazi. Ni yule mama wa mboga, ambaye kamati ya harambee imemteua kuwa mgeni rasmi. Hapa nimeitumia "eti" yangu ya pekee, na ndiyo maana zile sita zako zinanitisha: zikibaki, hii ya saba haisikiki.

"Mama ameomba radhi kwamba hataweza kuketi meza kuu, kwa kuwa hana wa kumwachia genge. Ametoa shilingi hamsini taslimu na ahadi ya hamsini nyingine mvua zikinyesha. Alipoelezwa kwamba mheshimiwa wake anahitaji 851,000 ili aweze kuwatumikia wananchi ipasavyo, alishika kiuno. 'Eti nini? Masikini wa Mungu! Kumbe ndiyo maana wakati wa kampeni alikula ugali kwangu akaondoka hajalipa. Poleni sana. Mwambieni apite tena, hii mara nitamkopesha.'"

Ona tofauti. Msimulizi hasemi kamwe kwamba haamini. Mama anasema, tena kwa maneno ya huruma: masikini, poleni, nitamkopesha. "Hii mara" nimeiacha makusudi, ndivyo watu wa Nairobi wanavyosema. Ukiisawazisha iwe "safari hii" atakuwa mama wa Magomeni. Kijembe chake kinachoma kwa sababu kimetanguliwa na uso mkavu wa aya nne. Tukiwapa wote wawili sauti moja, msimulizi naye awe anasuta tangu mwanzo, mama hatakuwa na la kuongeza.

Najua una hofu ya pili, ambayo hukuiandika ila nimeisikia katika simu yetu: kwamba kuna sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na ile ya Huduma za Habari ya 2016 zinazungumzia taarifa za uongo, na safu hii itawekwa pia kwenye tovuti, ambako mtu anaweza kukata aya moja akaisambaza kama habari. Hofu hiyo siidharau. Jina litakaloitwa kwanza ni lako. Napendekeza tuiwekee ulinzi nje ya sentensi. Juu ya ukurasa tuandike "Tashtiti" kwa herufi kubwa, kila wiki, mahali palepale, na chini ya jina la mwandishi mstari mmoja wa wino wa kawaida: safu hii iliandikwa Nairobi, Mei 2013, wakati wa mvutano wa mishahara ya wabunge wa Kenya. Hilo linamlinda msomaji na linakulinda wewe, na halimgusi mwandishi. Aidha sijamtaja mbunge yeyote kwa jina, kama ambavyo asili haikumtaja, na yule mla ugali hana jimbo.

Kwa hiyo naomba haya kabla ya ukurasa kwenda mtamboni Alhamisi. "Eti" sita zitoke. Alama za kunukuu kwenye "waheshimiwa" na "masikitiko" zitoke. Neno "mheshimiwa" limebeba heshima ndani yake, likiachwa peke yake mbele ya mshahara ule linajisema. "Za Kenya" na sentensi ya mama zirudi. Tanbihi ihamie juu kama nilivyoeleza. "Kamati ndogo, yenye posho" ibaki na mkato wake, kwa sababu pale ndipo msomaji anapovuta pumzi.

Ukiona nafasi haitoshi, na najua tangazo la benki limekula robo ya ukurasa, ondoa aya ya sita yote, ile ya historia ya mishahara tangu 2003. Ni aya nzuri lakini ni ya maelezo tu, na makala inatembea bila hiyo. Fisi na mama usiwapunguze hata neno.

Nitakuwa na simu wazi Jumatano jioni baada ya magharibi. Kama bado kuna sentensi inayokutia wasiwasi, nisomee kwa sauti, uisome polepole kama msomaji wa taarifa ya habari, tuone inasikikaje.

Wako katika kazi,
Mwanaisha