Mapitio ya kihakiki: Garrett Hardin, "Janga la Mali ya Wote" (1968)

Makala inayohakikiwa ilichapishwa katika jarida la Science, juzuu la 162, tarehe 13 Desemba 1968, kurasa 1243 hadi 1248. Mwandishi wake alikuwa profesa wa biolojia katika Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, na maneno hayo aliyatoa kwanza kama hotuba mwezi Juni mwaka huohuo. Mapitio haya yameandikwa kwa ajili ya semina ya usimamizi wa rasilimali za pwani hapa Mtwara. Nukuu zote zimetafsiriwa na mhakiki, na namba zilizo kwenye mabano ni kurasa za jarida.

Jina la makala lenyewe linahitaji maelezo kabla ya lolote. Neno la Kiingereza alilotumia Hardin, "commons", hubeba vitu viwili ambavyo Kiswahili hutenganisha: mali ya pamoja, yaani yenye wenyewe wengi wanaojuana, na mali isiyo na mwenyewe, ambayo yeyote huchota apendavyo. Mapitio haya yanashikilia kwamba Hardin yuko sahihi kuhusu mali isiyo na mwenyewe, na kwamba kosa lake kubwa ni kuichukulia mali ya pamoja kana kwamba ni kitu hichohicho.

Hardin anaanza na aina ya matatizo ambayo sayansi peke yake haiwezi kuyamaliza. Suluhisho la kiufundi, anasema, ni lile linalotaka mabadiliko "katika mbinu za sayansi asilia tu, na kudai kidogo au kutodai kabisa mabadiliko katika tunu za watu au fikra zao za maadili" (uk. 1243). Ongezeko la watu duniani, kwake, haliponi kwa njia hiyo. Ili kuonyesha sababu, anaazima mfano wa William Forster Lloyd, mchumi wa Uingereza aliyeandika mwaka 1833. Hardin anauanza hivi: "Fikiria malisho yaliyo wazi kwa wote" (uk. 1244). Kila mfugaji anapiga hesabu ya kuongeza ng'ombe mmoja. Faida yote ni yake, hasara ya malisho kuchakaa wanagawana wote. Basi anaongeza mmoja, kisha mwingine, na wenzake wote wanafanya hivyohivyo. "Uhuru katika mali ya wote huleta maangamizi kwa wote" (uk. 1244). Mantiki hiyo anaipeleka kwenye bahari, mbuga za taifa na uchafuzi wa hewa na maji (uk. 1245), halafu kwenye uzazi (uk. 1246). Anakataa wazo la kutegemea dhamiri za watu (uk. 1246–1247), na mwisho anapendekeza "kulazimishana kwa pamoja, kulikokubaliwa kwa pamoja na walio wengi kati ya watu wanaohusika" (uk. 1247).

Nguvu ya makala ipo ukurasa wa 1244, na udhaifu wake upo hapohapo. Hardin anasema faida ya mfugaji kwa ng'ombe mmoja wa nyongeza ni karibu +1, na hasara inayomwangukia yeye ni "sehemu tu ya −1" (uk. 1244). Tuihamishe hesabu hiyo kwenye diko lenye vyombo kumi, kila nahodha akifikiria kuongeza wavu mmoja. Nahodha mmoja akiongeza peke yake, anapata 1 na kupoteza sehemu ya kumi, yaani 0.1, anabaki na 0.9. Inamlipa. Sasa waongeze wote kumi. Kila mmoja anapata 1, lakini anabeba sehemu ya kumi ya hasara za nyavu kumi, yaani 1 nzima. Anabaki na sifuri. Kwa namba alizozitoa mwandishi mwenyewe, wavuvi wametoka jasho bure, ila hawajaangamia. Ili maangamizi yatokee, hasara ya kila wavu lazima iizidi faida yake. Ikiwa 2, mmoja akiongeza peke yake bado anabaki na 0.8, lakini wakiongeza wote kila mmoja anaingia kwenye −1. Hapo ndipo janga lilipo kweli. Hardin alihitaji kueleza hasara hiyo inakuaje kadiri malisho yanavyochakaa, lakini anaruka moja kwa moja kwenye neno maangamizi. Msomaji anayekubali hitimisho bila kurudia hesabu anakubali kitu ambacho ukurasa haujakithibitisha.

Kosa hili linasahihishika. Lile la pili ni zito zaidi. Hardin anajua kwamba malisho ya pamoja yamedumu muda mrefu, na anatoa sababu: mpango huo unaweza kwenda vizuri "kwa karne nyingi kwa sababu vita vya kikabila, ujangili na magonjwa huweka idadi ya watu na wanyama chini sana ya uwezo wa ardhi" (uk. 1244). Sentensi hii inastahili kusomwa polepole. Kama sababu za kudumu zinatajwa vita, ujangili na magonjwa. Kanuni hazimo. Baraza la wazee, zamu, miiko, faini na mipaka havikutajwa. Mwandishi hakuvipima kisha akaviona havitoshi, hakuvifikiria kabisa. Na hakuna malisho hata moja ya kweli, yenye jina na mwaka, yaliyochunguzwa katika sehemu hiyo. Mfano wa kufikirika unabeba mzigo wa ushahidi.

Mifano ya kusini mwa Tanzania inaonyesha pengo hilo linavyogharimu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, na vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa, mkoani Lindi, vilipata cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha usimamizi bora wa misitu, mwaka 2009 kwa usimamizi wa misitu yenye mpingo. Huo ni msitu wa wote katika kijiji, lakini hauko wazi kwa kila apitaye na msumeno: una mpaka, una kamati, una kiwango cha kuvuna. Kwenye miamba ya pweza, jamii kadhaa za pwani hufunga eneo kwa miezi kadhaa, kisha hulifungua kwa siku waliyokubaliana wakati wa bamvua, wachokoaji wakaingia pamoja. Mfugaji wa Hardin hawezi kufanya hivyo kwa sababu mwandishi hakumpa mdomo. Katika aya zile zote anahesabu peke yake, na hasemi na mwenzake hata mara moja.

Haki itendeke kwa mwandishi, maana anayetumia mifano hii kuitupa makala nzima anakosea upande wa pili. Aya yake kuhusu bahari bado inauma. Mataifa ya baharini, anasema, hukiri kuamini "rasilimali zisizokwisha za bahari" huku "yakiisogeza aina moja ya samaki na nyangumi baada ya nyingine karibu zaidi na kutoweka" (uk. 1245). Pale ambapo chombo kutoka mbali kinafika, kinavua na kuondoka, hakuna kamati ya kijiji inayokifikia, na hesabu ya ukurasa wa 1244 inafanya kazi ilivyoandikwa. Hoja yake kuhusu dhamiri nayo ni bora kuliko wahakiki wengi wanavyokubali. Tukiwaomba watu wajizuie kwa hiari, anayesikia anapunguza mavuno yake na asiyesikia anabaki na nafasi kubwa zaidi. Pwani ya Mtwara na Lindi ilisumbuliwa miaka mingi na uvuvi wa baruti. Kishindo kimoja huua samaki wakubwa na wachanga na kuvunja matumbawe wanamozalia, na mavuno ya dakika chache huenda kwa mmoja. Mahubiri peke yake hayakutosha kuuzuia. Hardin angetabiri hivyo, na angekuwa sahihi.

Dawa anayopendekeza nayo ni nzuri kuliko sifa yake. Wengi hukariri neno kulazimishana na kuacha maneno yanayofuata, "watu wanaohusika". Yakisomwa kikamilifu, sentensi ile ya ukurasa wa 1247 inakaribia sana sheria ndogo zinazopitishwa na mkutano wa kijiji na kusimamiwa na BMU, yaani kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi katika diko. Kasoro ni kwamba mifano anayoitumia ni wizi wa benki, maegesho ya magari na kodi, yote ikiwa mambo ya dola na raia mmojammoja. Swali la nani atamlinda mlinzi analitaja, na kusema changamoto kubwa ni kubuni njia za "kuwaweka walinzi katika uaminifu" (uk. 1246), kisha analiacha. Kwa msomaji wa Msimbati, anayeishi ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma tangu ianzishwe mwaka 2000, swali hilo ndilo la kila siku: nani aliamua mpaka upite hapa, na anayekamata anawajibika kwa nani? Badala ya jibu tunapewa tamko: "Dhuluma ni afadhali kuliko maangamizi kamili" (uk. 1247). Tamko hili ni la hatari. Linamwachia anayeandika sheria achague nani adhulumiwe, na linadhani njia ni mbili tu wakati makala haijaonyesha kwamba ya tatu haipo.

Sehemu ya uzazi ndiyo dhaifu kuliko zote. Mlinganisho wa mtoto na ng'ombe wa nyongeza unadai gharama ya mtoto ibebwe na jamii nzima, na Hardin mwenyewe anakiri: kama kila familia ingetegemea rasilimali zake tu, jamii isingekuwa na sababu ya kudhibiti uzazi, tatizo linakuja kwa kuwa jamii yake "imejifunga kwa dhati na dola ya ustawi" (uk. 1246). Kwa hiyo hoja haihamishiki kwa mkulima wa korosho wa Tandahimba anayelipa sare, daftari na dawa kutoka mfukoni. Hata hivyo hitimisho linatolewa kwa dunia nzima: "Uhuru wa kuzaa utaleta maangamizi kwa wote" (uk. 1248). Katika ukurasa wa 1246 anayataja pia makundi ya dini, rangi na tabaka yanayoweza kuzaa kwa makusudi ili yajitanue, bila ushahidi wowote. Hiyo ni hofu iliyovikwa joho la biolojia. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 kasi ya ongezeko la watu duniani imeshuka kutoka takriban asilimia 2 kwa mwaka hadi chini ya asilimia 1, na nchi nyingi zimefika huko bila kumlazimisha mtu, kwa elimu ya wasichana, huduma za uzazi wa mpango na kupungua kwa vifo vya watoto.

Hardin aliishi hadi kuona pingamizi. Elinor Ostrom, mwanasayansi wa siasa wa Marekani, alikusanya mifano ya jamii zinazojisimamia na kuichapisha mwaka 1990. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Uchumi. Hardin naye aliandika mwaka 1994 kuhusu janga la mali ya wote isiyosimamiwa, na mwaka 1998 akakiri katika Science kwamba kuliacha neno hilo, "isiyosimamiwa", lilikuwa kosa lake zito kuliko yote. Kwa mapitio haya, neno hilo moja linabadilisha hoja nzima.

Kwa semina, kurasa 1243 hadi 1245 na aya za kulazimishana za ukurasa wa 1247 zisomwe zote, hesabu ya ukurasa wa 1244 ifanywe ubaoni kwa vyombo kumi kama ilivyo hapo juu, na kila penye "mali ya wote" mwanafunzi aandike pembeni kama eneo linalozungumzwa lina mwenyewe au halina. Sehemu ya uzazi isomwe pia, lakini kama kielelezo cha hoja iliyovuka mpaka wa ushahidi wake.