Kona ya Chini

Simu ilimkuta Fundi Shaame mwiko anao mkononi, kazi hajaianza. Kuna msiba Konde, mume wa shangazi yake, na maziko ni baada ya adhuhuri. Akavua buti, akavaa ndara, akamwita Kombo.

"Gari ya kokoto inakuja keshokutwa. Mimi leo sirudi kabla ya magharibi. Mpira wa maji wa kupimia umo ndani ya polo, pembeni ya saruji. Nipimie kona zote nne, nikirudi nikute alama."

"Peke yangu, fundi?"

"Mchukue Zuwena akushikie ncha. Mengine unayajua."

Kiwanja cha Bi Time kiko Ole, ubavuni mwa kilima, bonde la mpunga likiwa chini yake. Anayeijua Pemba hashangai. Viwanja tambarare huku ni vya kubahatisha. Nyumba ni mita 11 kwa 9, vyumba vitatu na ukumbi, na mbele baraza, ambayo Bi Time ameizungumza kuliko vyumba vyenyewe. Vigingi vya kona vilishapigwa, vya upande wa bondeni virefu vya mkandaa, na pembe zilishanyooshwa kwa ile hesabu ya tatu, nne na tano. Lililobaki ni kujua ardhi inashuka kiasi gani.

Kwa Ami Hamad, kaka wa Bi Time, hilo halikuwa swali. "Futi moja," alishasema. "Ikizidi sana, moja na nusu." Na matofali ya msingi aliyanunua kwa hesabu hiyo.

Kombo aliinua ndoo juu ya matofali, akatia maji na matone ya rangi nyekundu ya chakula, akazamisha ncha moja ya mpira na kuivuta nyingine kwa mdomo mpaka maji yakashuka yenyewe. Hakuyakatiza. Aliyaacha yatiririke mpaka mita zote 20 zikajaa, kisha akaupitia mpira taratibu kwa vidole, akiugonga palipokaa kiputo, mpaka kikapanda na kutoka. Akazishika ncha mbili pamoja, bega kwa bega. Maji yakasimama sawa.

"Sasa sikiliza," akamwambia Zuwena. "Ukitembea, ziba kwa dole gumba. Ukifika, achia. Ukiendelea kuziba, maji hayawezi kujipanga, na tutaandika uongo."

Zuwena alibaki kona ya kwanza, kule juu, penye alama ya penseli sentimita 30 kutoka ardhini. Kazi yake ilikuwa kupandisha na kushusha ncha mpaka maji yaguse ile alama. Kombo akaenda kona ya pili, akauegemeza mpira kwenye kigingi, akasubiri maji yaache kucheza.

"Bado," Zuwena akaita. "Bado... ipo!"

Kombo akaweka jicho usawa wa maji, akasoma pale chini ya mbonyeo, wala si pembeni yanapoupanda mpira, akatia alama. Kutoka alama hadi ardhini: sentimita 34. Wakashukia kona ya tatu, kisha ya nne.

Kabla ya kukunja akamfuata Zuwena juu, akazikutanisha tena zile ncha mbili. Upande mmoja maji yalikuwa juu ya mwenzake kwa sentimita mbili.

Zuwena akamtazama. "Mpira umeharibika?"

"Haujaharibika. Una hewa."

Wakaufuata hatua kwa hatua. Kiputo walikikuta chini ya muhogo, mahali mpira unaposhuka mteremko, kirefu kama dole gumba, kimelala ndani yake na maji yako huku na huku. Kombo aliugonga na kuunyanyua mpaka kikatoka, akaongeza maji, akajaribu ncha pamoja, kisha akapima kona zote upya. Alama za mwanzo alizifuta kwa mate na kiganja. Ya pili ikabaki 34. Ya tatu ikaja 105. Ya nne, 98.

Akatoa 30 kwenye 105, akapata 75, akakaa juu ya mfuko wa saruji. Tofali ni sentimita 23, na udongo wake wa saruji mbili. Kila kozi, safu moja ya matofali, ni 25. Kona ya chini ilitaka kozi tatu zaidi ya kona ya juu.

Ami Hamad alifika baada ya alasiri, kofia mkononi, akaambiwa.

"Sentimita 75? Wee mtoto, mimi nimezaliwa ardhi hii. Hebu tizama mwenyewe." Akanyoosha mkono juu ya shamba la muhogo. Kweli, vichwa vya muhogo, vya juu na vya chini, vilikwenda takriban sambamba.

Kombo hakumbishia. Alishuka mpaka kona ya tatu, akasimama kwenye muhogo, majani yakamfunika kichwa. Akapanda mpaka kona ya kwanza, yakamfika kifuani.

"Udongo unaoshwa na mvua unakuja huku chini, ami. Muhogo wa chini umenenepa, umerefuka. Unachokiona ni majani."

Kisha akampa ncha ya mpira. "Shika mwenyewe. Zuwena, nenda chini."

Mzee akashika. Alipandisha, akashusha, maji yakafika kwenye penseli. Kule chini Zuwena aliachia dole, akasubiri, akaweka kidole palipo maji. Kidole kilikaa juu ya alama ileile ya Kombo. Ami Hamad akashuka polepole, akapima kwa futikamba yake mwenyewe, akaikunja.

"Basi tuishushe nyumba yote kozi moja," akasema. "Tuichimbie kule juu."

"Hapo masika yataingia ukumbini, ami. Maji yote ya kilima yanapita kona ile. Sakafu lazima ikae juu ya ardhi ya kule."

Bi Time alikuwa amesimama kimya muda wote, kanga kaibana kwapani. "Ni matofali mangapi zaidi?"

Kombo alihesabu kwa kijiti mchangani, akijumlisha na kuta za ndani. "Kama 120, bibi. Na saruji yake. Mtaro tutaukata ngazi, kila ngazi sentimita 25, tofali likae zima bila kukatwa. Hapo tunaokoa kuchimba."

"Pesa za baraza zinatosha?"

"Zinatosha."

"Time," kaka yake akaanza, "hiyo baraza umeitaka tangu marehemu yuko hai..."

"Baraza nitaijenga mwakani, karafuu zikija. Msingi siwezi kuurudia. Agiza matofali, kaka."

Fundi Shaame alirudi magharibi imeshapita, bado amevaa kanzu ya msibani. Aliwasha taa ya simu, akamwita Kombo ashike ncha ya juu, akashuka mwenyewe mpaka kona ya tatu, kisha ya nne. Alikaa huko kitambo. Aliporudi alikuwa na mpira begani, umekunjwa.

"Ulizikutanisha ncha mwisho wa kazi?"

"Nilizikutanisha. Mara ya kwanza zilikataa, nikapima upya."

Fundi akatikisa kichwa kukubali. "Kesho ngazi unazikata wewe. Unaanzia wapi?"

"Kona ya tatu. Iliyo chini kuliko zote, nipande nayo."

"Na chini ya mtaro utapima kwa nini?"

"Kwa mpira huu huu, kutoka alama ya juu."

"Haya. Majembe yawe mawili, la pili langu. Saa kumi na mbili na nusu nikukute umeshajaza ndoo."