Ucha Mungu na utoaji sadaka katika mji wa Lamu na Shela: matokeo ya regresheni

Katika kaya 388 tulizochambua, mwenye ucha Mungu zaidi alitoa sadaka kubwa kidogo kuliko mwenzake wa kipato, umri na elimu ileile. Uhusiano upo, lakini ni mdogo, na sehemu yake kubwa inaegemea mahojiano ya Ramadhani.

Tulizuru kaya 412 katika mitaa 14 ya Mkomani, Langoni na Shela. 24 hazikutaja mapato, tukaziacha. Zote ni za Waislamu, kwa hiyo matokeo haya hayawahusu Wakristo wa Mpeketoni. Kila mhojiwa aliulizwa alichotoa kwa hiari katika siku 30 zilizotangulia. Zaka ya mali tuliiondoa, kwa sababu asilimia 2.5 hupimwa kwa mali iliyofika nisabu na kutimiza mwaka, si kwa moyo wa mtu. Zaka ya fitri nayo tuliitoa: huhesabiwa kwa vichwa vya nyumbani, na karibu kila mwenye uwezo huitoa. Tulipoirudisha kwa majaribio, kizigeu cha ucha Mungu, yaani namba inayoonyesha ukubwa wa uhusiano wake na sadaka, kilishuka.

Kipimo cha ucha Mungu (neno “udini” tumeliepuka, maana wengi hulisikia kama ubaguzi wa dini) kina maswali manne: swala tano, saumu za sunna, kusoma Qur'ani na kuhudhuria darsa. Kimesawazishwa kiwe na wastani 0 na mchepuko sanifu 1. Awali tuliweka pia swala ya jamaa msikitini, ikatuharibia kazi mara mbili. Wanawake wengi wa hapa huswali nyumbani, hivyo wakaonekana wachamungu pungufu bila sababu. Tena anayekwenda msikitini kila Ijumaa hukutana na mchango unaopitishwa safu kwa safu. Fursa ya kutoa ikahesabiwa kuwa ni imani. Pamoja na swali hilo kizigeu cha kiasi kilikuwa 0.21, bila hilo ni 0.14. Tunaripoti cha pili.

Kwa kuwa watu 87 hawakutoa chochote, tumetenganisha maswali mawili: nani alitoa, na aliyetoa alitoa kiasi gani. Kuongeza moja kwenye sifuri kisha kuchukua logi ni njia ya mkato tusiyoiamini, kwa sababu jibu hubadilika ukihesabu kwa senti badala ya shilingi.

```
lm(log(kiasi) ~ uchaji + log(mapato) + umri + elimu + jinsia + watu + uvuvi + ramadhani, data = watoaji)
```

Kwa swali la kwanza, mchepuko sanifu mmoja wa ucha Mungu unaambatana na ongezeko la pointi 4.6 za asilimia katika uwezekano wa kutoa (kosa sanifu 2.1). Kwa watoaji 301, kizigeu bila vigeu vya udhibiti ni 0.31 (kosa sanifu 0.06), na R² ni 0.08 tu. Tukidhibiti kipato, umri, elimu, jinsia, idadi ya watu nyumbani, kazi ya uvuvi na mwezi wa mahojiano, kinashuka hadi 0.14 (kosa sanifu 0.06, masafa ya asilimia 95 ni 0.02 hadi 0.26), na R² inafika 0.34. Kwa lugha ya sokoni: ucha Mungu ukipanda kwa mchepuko sanifu mmoja, sadaka ya shilingi 600 inakuwa kama 690. Inaweza pia kuwa 612, au 778.

Kipato kina nguvu zaidi: kikiongezeka kwa asilimia 10, sadaka huongezeka kwa asilimia 4 hivi (0.42, kosa sanifu 0.07). Kuhojiwa Ramadhani kunaambatana na sadaka kubwa zaidi kwa takriban asilimia 79 (0.58, kosa sanifu 0.11). Uvuvi hatuusomi peke yake, kwani mapato ya wavuvi huyumba kati ya kaskazi na kusi, na sisi tuliuliza ya mwezi mmoja.

Makosa sanifu ya hapo juu hayazingatii kwamba majirani wa mtaa mmoja hufanana. Tulipoyapanga kwa mitaa, kwa njia ya kuchota upya inayofaa makundi machache, thamani ya p ya kile kizigeu cha 0.14 ikawa 0.06. Mitaa 14 ni michache. Tukiwaacha waliohojiwa Ramadhani, wanabaki watoaji 121 na kizigeu ni 0.08 (kosa sanifu 0.09). Hapo hatuwezi kukitofautisha na sifuri.

Takwimu zote ni za maneno ya mtoaji mwenyewe. Anayeshika hadithi ya mkono wa kushoto usijue ulichotoa wa kulia huenda alituficha. Mwingine alikuza mbele ya mhojaji. Makosa hayo yanavuta pande mbili, na hojaji yetu haikuwa na njia ya kuyapima. Mchele, samaki na sahani za futari zinazopelekwa kwa jirani hatukuzitia bei, hivyo utoaji wa wanawake umepungua kwenye karatasi. Wala hatusemi ucha Mungu ndio unaosababisha kutoa: mtu huenda huanza kwa kutoa, akaingizwa kwenye darsa, ndipo ibada zake zikazidi, na mahojiano ya mara moja hayaonyeshi kipi kilitangulia.