SHULE YAFUNGWA LEO SAA SITA MCHANA, WATOTO WOTE WAKO SALAMA

Assalaam aleykum na habari za asubuhi wazazi. Shule twaifunga leo Jumanne saa sita kamili mchana (12:00), chekechea mpaka darasa la mwisho. Ni hii mvua ya tangu alfajiri, maji yameingia madarasa ya chini na yamekaribia soketi kwa hivyo stima tumezima kwenye meni swichi. Hakuna mtoto aliyeumia, wote wako ghorofani na walimu wao, wanapewa chakula mapema ili wasitoke na njaa.

Anayekuja kuchukua mtoto aje geti la nyuma, geti la mbele maji yamefika magotini. Mtoto hatoki mpaka achukuliwe na mtu mzima aliye kwenye daftari la getini. Ukimtuma mtu mwengine, hata kama ni shangazi au yule tuktuk wenu wa kila siku, pigia ofisi KWANZA utupe jina lake, meseji ya hapa grupuni haitoshi. Najua ni usumbufu lakini siku kama hii ndiyo watoto hupotea.

Mabasi yatoka saa sita na robo. La Bamburi na Shanzu litapita barabara kuu kama kawaida. La Mtopanga haliingii ndani, litasimama stejini na mtoto hashuki kama hatujamuona mtu wake, akikosekana twamrudisha shule. Wa Likoni, basi litawafikisha feri upande wa kisiwani, mwalimu atavuka nao mpaka ng'ambo, tafadhalini muwe mumefika mapema muwangojee pale wanaposhukia watu.

Aliye kazini asiyeweza kutoka asikimbilie kupanda boda kwenye mafuriko, mtoto wako hatatolewa nje, walimu sita tunabaki hapa mpaka wa mwisho achukuliwe hata ikifika usiku.

Njiani mshikeni mkono, msikanyage maji msiyoyaona chini yake, mitaro mingi haina vifuniko, na ukiona waya umeanguka rudi nyuma upite kwengine. Mtu akikwama kwenye maji pigeni 999 au 112, Msalaba Mwekundu ni 1199, haikatwi pesa.

KESHO JUMATANO HAKUNA SHULE. Ya Alhamisi nitaandika mimi mwenyewe hapa kesho saa kumi na mbili jioni, voisi notsi za kuforwadiwa kutoka magrupu mengine msizifuate.

Sasa kila mzazi aandike hapa jina la mtoto, darasa, na neno moja: NAMCHUKUA au BASI au ABAKI. Asiyeandika mpaka saa tano na nusu tutampigia simu, kwa hivyo weka simu karibu. Maswali mengine tuyaweke kando kwanza, grupu libaki kwa majina tu.

Naibu mwalimu mkuu